Ujira Umeshuka, Gharama Imepanda

Mhasibu wa kiwanda anapofunga hesabu za mwezi, wakati mwingine hukuta mistari miwili isiyopatana. Mmoja unasema kila saa ya kazi imelipiwa pungufu ya makadirio, na huo huandikwa kuwa tofauti nzuri ya ujira. Wa pili unasema saa zilizotumika zimezidi zile zilizostahili kwa kazi iliyotoka. Huo huitwa tofauti mbaya ya ufanisi. Bosi mwenye haraka humpongeza aliyeajiri kwa mstari wa kwanza, kisha humwita msimamizi wa mafundi ajieleze kwa wa pili.

Chukulia karakana inayoshona mashati ya sare Desemba, kabla shule hazijafunguliwa. Makadirio yake ni nusu saa kwa shati, na fundi hulipwa shilingi 2,500 kwa saa. Mwezi huo yametoka mashati 4,000, kwa hiyo zilistahili saa 2,000 na ujira wa shilingi 5,000,000. Daftari la mahudhurio linaonyesha saa 2,500, na malipo halisi ni shilingi 5,500,000, yaani wastani wa shilingi 2,200 kwa saa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila saa imepungua shilingi 300. Ukizidisha kwa saa 2,500 zilizofanywa, unapata tofauti nzuri ya ujira ya shilingi 750,000. Saa zilizozidi ni 500, nazo hupimwa kwa ujira uliokadiriwa wa 2,500, kwa hiyo tofauti mbaya ya ufanisi ni shilingi 1,250,000. Ukitoa moja kwa nyingine, karakana imetumia nusu milioni zaidi ya ilivyopanga.

Mshukiwa wa kwanza ni yule yule siku zote: wameletwa watu wa bei nafuu ambao mkono wao bado mzito. Mara nyingi ni kweli, lakini tarakimu hizo peke yake hazithibitishi. Umeme unaokatika, cherehani mbovu au kitambaa kinachochanika hula saa vilevile, na huenda ujira ulikuwa chini kwa sababu tu makadirio yaliwekwa juu mno. Saa ambazo mafundi walikaa bila kazi zinapaswa kuandikwa kando, la sivyo fundi atalaumiwa kwa kosa la jenereta.

Njia ya kujua ni kutenganisha kadi za kazi za wazoefu na za wageni. Katika mfano huu, wazoefu walishona mashati 2,000 kwa saa 1,000, nusu saa kamili kila moja, kwa ujira uleule wa 2,500. Wageni walishona 2,000 yaliyobaki kwa saa 1,500, wakilipwa 2,000 kwa saa. Sasa jambo liko wazi. Wangechelewa wote, ungeenda kukagua mashine na kitambaa. Hapa waliochelewa ni wageni pekee, na nafuu yote ya ujira nayo imetoka kwao.

Sasa pima kwa shati. La mzoefu limegharimu shilingi 1,250 za ujira. La mgeni limechukua dakika 45, nazo kwa ujira wake ni shilingi 1,500. Mgeni anayelipwa 2,000 kwa saa hawi nafuu mpaka ashone shati chini ya dakika 37 na nusu. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani, kwa sababu msimamizi anaweza kuifuatilia kila wiki bila kungoja ripoti ya mwezi. Nayo haijahesabu kola zinazofumuliwa wala vitambaa vilivyokatwa vibaya, ambavyo hujificha kwenye hesabu ya malighafi.

Mgeni hujifunza, bila shaka, na dakika 45 zinaweza kushuka. Ila lazima abaki kazini. Mwaka 1913 kampuni ya magari ya Ford huko Michigan, Marekani, iliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000, maana waliofunzwa walikuwa wakiondoka. Januari 1914 ikatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, takriban maradufu, ingawa kwa masharti, na wimbi la kuacha kazi likatulia. Kwenye vitabu uamuzi kama huo huonekana kuwa tofauti mbaya ya ujira.

Kwa karakana ya sare, shilingi 750,000 hazistahili pongezi, na msimamizi wa mafundi hana la kujibu peke yake. Tofauti zote mbili ni za aliyeamua kuajiri wageni msimu wa haraka, na zisomwe pamoja kwenye meza yake. Wageni wasipofika chini ya dakika 37 na nusu kabla ya oda kubwa inayofuata, oda hiyo ipewe wazoefu.