Kinachoipa Sosi Uzito

Ni nadra mwanafunzi wa upishi wa hoteli kumaliza masomo bila kukutana na swali hili katika mtihani wa nadharia: taja sosi mama tano, na kwa kila moja eleza imetengenezwa kwa kimiminika gani na imepata uzito kwa kitu gani. Jibu lenyewe ni fupi. Beshameli ni maziwa na ruu nyeupe. Velute ni supu nyeupe ya kuku, samaki au ndama, pamoja na ruu iliyoanza kugeuka rangi ya dhahabu. Espanyoli ni supu ya mifupa iliyookwa, na ruu ya kahawia. Sosi ya nyanya siku hizi huzitishwa na nyanya zenyewe. Holandezi ni siagi na viini vya mayai.

Orodha hiyo huhusishwa na Mfaransa Auguste Escoffier, ambaye kitabu chake Le Guide Culinaire kilitoka mwaka 1903. Kabla yake, Antonin Carême alikuwa na sosi kuu nne, na mojawapo ilikuwa alemande, yaani velute iliyoongezwa viini. Leo alemande huhesabiwa mtoto wa velute, na mtahiniwa anayeiandika miongoni mwa mama hupoteza alama.

Lakini alama nyingi ziko kwenye swali linalofuata, lile linaloanza na “kwa nini”. Kwa nini espanyoli huhitaji ruu nyingi kuliko beshameli?

Ruu ni siagi na unga wa ngano kwa uzito sawa, vikikaangwa pamoja. Unga una chembe za wanga. Zikiwa ndani ya kimiminika kinachopata moto, chembe hizo huanza kufyonza maji na kuvimba joto lipitapo nyuzi 60 za Selsiasi, na sosi huendelea kuwa nzito hadi inapokaribia kuchemka. Kukaanga unga mpaka uwe kahawia huupa rangi na ladha nzuri ya kokwa zilizokaangwa, ila moto huohuo huikatakata minyororo ya wanga. Vipande vifupi haviwezi kuyashika maji kama minyororo mizima.

Chukua mfano. Lita moja ya beshameli ya uzito wa wastani huhitaji gramu 60 za siagi na gramu 60 za unga. Mpishi akizikaanga gramu hizohizo mpaka ziwe kahawia, kisha akamimina lita moja ya supu ya mifupa, atapata sosi inayotiririka kutoka kwenye kijiko. Kipimo ni rahisi: chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni. Mstari ukibaki wazi bila sosi kuuziba, uzito umetosha. Usipobaki, ama ruu iongezwe, ama sosi iachwe kwenye moto mdogo maji yapungue.

Madonge nayo huulizwa sana, na yeyote aliyekoroga uji anayajua. Unga mkavu ukikutana ghafla na maji yanayochemka, chembe za nje huvimba papo hapo na kuufungia unga mkavu ndani. Ndiyo maana unga wa uji hukorogwa kwanza kwa maji baridi. Katika ruu, mafuta ndiyo yanayozitenganisha chembe; hata hivyo kimiminika huongezwa kidogokidogo huku mpishi akikoroga, na ni salama zaidi kimoja kikiwa cha moto na kingine kimepoa.

Holandezi haina unga hata kidogo, na hapo ndipo wengi huteleza kwa kuandika “ruu” kwenye kila mstari. Viini vya mayai vina lesithini, ambayo huyashika matone madogo ya siagi yasiungane. Matone yakisongamana ndani ya maji machache ya viini na ndimu, mchanganyiko huwa mzito. Joto la taratibu huongeza uzito huo, lakini likifika karibu nyuzi 70 viini huanza kuganda.

Mtahini hutaka mwanafunzi atofautishe makosa mawili. Ukiona punje za yai lililoiva, sosi hiyo haiokoki. Ukiona siagi imejitenga na kuelea, bado ipo dawa: piga kiini kipya na kijiko cha maji ya uvuguvugu, kisha rudishia sosi iliyoharibika kidogokidogo huku ukipiga bila kuacha.

Hapo alemande hurudi, mara hii kama swali gumu kwelikweli: mbona viini vyake huvumilia moto ambao ungeiharibu holandezi? Jibu liko kwenye velute inayoibeba. Wanga uliovimba huzuia protini za yai zisishikamane haraka na kufanya punje, kwa hiyo sosi hustahimili joto zaidi. Hata hivyo viini havimwagwi moja kwa moja kwenye sufuria. Hukorogwa kwanza na krimu, kisha na upawa wa sosi ya moto, ndipo viongezwe kwenye iliyobaki.