Madai ya Bima ya Mazishi (Sehemu ya Pili): Jina Moja, Karatasi Mbili

Wiki iliyopita tulieleza kikundi cha kufa na kuzikana kinavyotoa rambirambi. Mwenyekiti anapigiwa simu, mhazina anafungua daftari, na fedha inafika kabla ya jeneza. Kampuni ya bima haiendi hivyo. Yenyewe haimjui marehemu, inajua karatasi zake tu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mvuvi wa Kigongo, wilayani Misungwi, amefariki nyumbani usiku. Mkewe anaripoti kwa mtendaji wa kijiji na kupewa kibali cha mazishi. Wengi hudhani hicho ndicho cheti cha kifo, wakakipeleka kwenye bima na kurudishwa. Kibali kinaruhusu kuzika. Cheti hutolewa na RITA, na wilayani huduma hiyo hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Ukichelewa, utaulizwa maswali na kudaiwa vithibitisho zaidi.

Hapo ofisini ndipo mjane anapoweza kuokoa au kupoteza miezi. Tuseme kitambulisho cha NIDA kinasema Lukas Masanja, lakini mwaloni alijulikana kama Masanja Lukas, na wakala aliyemuuzia bima aliandika jina la mwaloni. Ndugu aliyetumwa kusajili kifo akitaja jina lolote lililomjia mdomoni, cheti hakitalingana na mkataba wala na NIDA. Kwa hiyo mjane abebe kitambulisho chenyewe, na asome kila herufi kabla ya kusaini.

Kama mkataba ndio wenye jina tofauti, njia ya kawaida ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, pamoja na barua ya mtendaji. Kampuni inaweza kudai zaidi ya hapo.

Fomu ya madai huambatanishwa na nakala ya cheti, kitambulisho cha marehemu na cha mnufaika, na namba ya mkataba. Cheti halisi kionyeshwe, kisha kirudi nyumbani. Kikundi, benki na mahakama nao watakitaka. Karatasi ya mkataba ikipotea, risiti au ujumbe wa simu wa malipo ya mwisho husaidia kuutafuta. Mvuvi akizama ziwani, taarifa ya polisi nayo itahitajika.

Kama mnufaika hakuandikwa, kampuni yaweza kudai msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Fedha ya mazishi basi hufika muda mrefu baada ya arobaini.

Wakikataa kulipa, mjane adai sababu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo atakayoanza nayo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huko tutaelekea wiki ijayo.