Ankara ya Fundi Inapoingia Kwenye Mali za Kudumu

Mwenye duka akipokea hesabu za mwaka na kukuta ankara aliyoipeleka kama gharama ya matengenezo imehamishiwa kwenye mali za kudumu, barua ya mhasibu inayoambatana na hesabu hizo ina jambo moja la kumweleza. Ni sehemu gani ya fedha aliyomlipa fundi iliyorudisha kitu katika hali yake, na ni sehemu gani iliyompatia kitu ambacho hakuwa nacho? Fedha ya kwanza hukatwa yote kwenye mapato ya mwaka huo. Ya pili hukatwa kidogo kidogo, kwa miaka yote ambayo kitu hicho kitalihudumia duka. Nchini Tanzania mgawanyo huo hupimwa mara mbili: kwanza kwa viwango vya uhasibu vya kimataifa, ambavyo ndivyo hutumika kuandaa hesabu, kisha kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Mara nyingi vipimo hivyo viwili huleta jibu moja, lakini si lazima.

Mfano unaofaa ni wa kampuni ndogo yenye duka la nyama na samaki jijini Mwanza, inayofunga hesabu zake kila Desemba. Duka lina chumba cha baridi kilichofungwa miaka sita iliyopita. Mashine yake ilikuwa na nguvu ya kushusha joto hadi nyuzi 4 tu, kiwango kinachotosha nyama ya siku mbili tatu. Mwanzoni mwa Januari mashine hiyo ilikufa. Fundi alishauri ifungwe nyingine yenye nguvu zaidi, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, na tangu hapo duka limekuwa likinunua sangara wakati bei ikiwa chini na kuwahifadhi wakiwa wamegandishwa. Fundi alileta ankara ya shilingi 11,400,000, na juu yake akaandika neno moja, "matengenezo". Karani aliyeingiza ankara hiyo kwenye vitabu alilifuata neno hilo.

Neno lililoandikwa kwenye ankara haliamui chochote. Kinachoamua ni kazi iliyofanyika, na ndiyo maana hatua ya kwanza ya mhasibu ni kumtaka fundi aichambue ankara yake. Katika mfano huu, mashine mpya pamoja na kompresa, kondensa na feni zake iligharimu shilingi 7,800,000. Kuifunga, kuunganisha mabomba, kujaza gesi na kuijaribu kulichukua 1,400,000. Mpira wa mlango na bawaba vilibadilishwa kwa 450,000. Kuziba nyufa za ukuta wa chumba na kupaka rangi kulikuwa 950,000. Shilingi 800,000 zilizobaki zilikuwa za kusafisha na kukagua majokofu mawili ya vioo yaliyoko mbele ya duka, kazi ambayo haihusiani kabisa na chumba cha baridi. Fundi aliiweka kwenye ankara hiyohiyo kwa sababu alikuwa hapohapo.

Mashine mpya ni mali ya kudumu. Duka litaitumia kwa miaka kadhaa, gharama yake inajulikana bila kubahatisha, na faida itakayoletwa nayo inaonekana katika samaki wanaouzwa sasa ambao zamani hawakuweza kuhifadhiwa. Linalowashangaza wengi ni kwamba ufundi na gesi vinaifuata mashine. Mashine iliyolala kwenye boksi haipozi kitu, na kiwango cha uhasibu kiitwacho IAS 16 kinataka kila gharama inayohitajika moja kwa moja ili kifaa kifike mahali pake kikiwa tayari kufanya kazi iwe sehemu ya bei ya kifaa hicho. Kwa hiyo kinachohamishwa ni shilingi 9,200,000. Gesi hiyohiyo ingeongezwa kwenye mashine ya zamani iliyokuwa ikivuja, ingekuwa matengenezo.

Mpira wa mlango, nyufa, rangi na usafi wa majokofu hubaki kwenye gharama za mwaka, jumla yake shilingi 2,200,000. Kazi hizo hazikukipa chumba uwezo mpya wala kurefusha maisha yake kupita yale yaliyotarajiwa tangu mwanzo. Zimekiwezesha tu kuyafikia. Mhasibu anayehamisha ankara yote kwa kuwa sehemu yake kubwa ni mashine amekosea sawasawa na karani aliyeiacha yote kwenye matengenezo.

Kuna hatua moja ambayo husahaulika mara kwa mara, nayo ni mashine iliyong'olewa. Hiyo bado iko kwenye vitabu. Ikiachwa humo, duka litaonekana lina mashine mbili wakati chumba kina moja. Ankara ya zamani ya chumba ilionyesha kwamba mashine ilinunuliwa kwa shilingi 6,000,000 na kukadiriwa kudumu miaka 10, hivyo ilikuwa ikipungua kwa shilingi 600,000 kila mwaka. Baada ya miaka sita thamani yake kwenye vitabu ilibaki 2,400,000. Kwa kuwa imeharibika na hakupatikana wa kuinunua, kiasi hicho chote kinafutwa na kuingia kama hasara ya mwaka huu. Kama ankara ya zamani isingeonyesha bei ya mashine peke yake, kiwango kinaruhusu bei ya mashine mpya itumike kukadiria ya zamani ilikuwa kiasi gani. Makadirio hayo hayawi kamili, lakini ni bora kuliko kuacha vitabuni kifaa ambacho hakipo.

Mashine mpya imekadiriwa kudumu miaka minane, kwa hiyo uchakavu wake ni shilingi 1,150,000 kwa mwaka. Rasimu ya kwanza ya hesabu ilikuwa imekata ankara yote ya 11,400,000 pamoja na uchakavu wa 600,000 wa mashine ambayo haikuwepo tena, jumla milioni 12. Hesabu zilizorekebishwa zinakata matengenezo ya 2,200,000, uchakavu wa 1,150,000 na hasara ya 2,400,000, yaani 5,750,000. Tofauti ni shilingi 6,250,000. Kama rasimu ilionyesha faida ya milioni 8 kabla ya kodi, sasa faida hiyo ni 14,250,000.

Hapo ndipo maswali ya mwenye duka huanza, na barua isiyoyajibu haijamsaidia. Faida imepanda lakini droo haijaongezeka hata shilingi moja. Fedha ya fundi ilikwishatoka Januari, na hakuna marekebisho ya vitabu yanayoweza kuirudisha. Kilichobadilika ni miaka itakayobeba gharama hiyo. Mwenye kampuni akiiangalia faida mpya na kujigawia gawio kwa kiwango hicho, atajikuta anagawa fedha ambayo iko kwenye kompresa. Barua nzuri huweka jambo hili mapema, kabla hata ya kueleza viwango.

Swali la pili ni la kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu gharama ya kukarabati na kutunza mali za biashara zikatwe katika mwaka zilipotokea, lakini gharama ya kuboresha mali inaiondoa kwenye ruhusa hiyo na kuiongeza kwenye gharama ya mali yenyewe. Mashine inayogandisha pale ambapo ya zamani ilipoza tu ni uboreshaji, na hilo ni gumu kulibishia. Uchakavu uliokokotolewa na mhasibu kwa miaka minane hauhesabiwi kwenye kodi. Sheria ina viwango vyake. Vifaa vya duka vya namna hii huingia katika daraja la 3, ambalo huruhusu asilimia 12.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza, asilimia 12.5 ya 9,200,000 ni 1,150,000, sawa kabisa na uchakavu wa vitabuni, jambo ambalo limetokea kwa bahati tu. Mwaka wa pili vitabu vitakata tena 1,150,000, ilhali kodi itaruhusu 1,006,250 kwa sababu inahesabu kutoka 8,050,000 iliyobaki. Nayo ile hasara ya 2,400,000 ya mashine ya zamani haikatwi kwenye kodi, kwani thamani ya mashine hiyo kikodi inaendelea kupungua ndani ya daraja lake.

Hivyo mapato yanayotozwa kodi yanaongezeka kwa tofauti kati ya 9,200,000 na 1,150,000, yaani shilingi 8,050,000. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 30, kodi ya mwaka inapanda kwa 2,415,000. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni suala la wakati, kwa maana duka litaendelea kukata kidogo kidogo miaka ijayo, lakini mwaka huu inatakiwa taslimu. Kampuni hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne ndani ya mwaka, na kinachopungua hulipwa na ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Mhasibu aliyeiona ankara ile mwezi Januari angeweza kusahihisha makadirio mapema. Aliyeiona mwakani anamletea mteja deni, huenda na riba juu yake.

Mfano ungekuwa mgumu zaidi kama mashine mpya ingekuwa na nguvu ileile ya zamani. Vitabu bado vingeweza kuihesabu kuwa mali, kwa sababu IAS 16 inaangalia sehemu kubwa iliyobadilishwa na miaka itakayotumika. Kwa upande wa kodi, hoja ingekuwa kwamba mashine ni sehemu tu ya chumba cha baridi, na kubadilisha sehemu ili kitu kizima kiendelee kufanya kazi ni ukarabati. Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake husomwa pia na wanasheria wa Afrika Mashariki, zilikwama kwenye bomba la moshi. Katika shauri la mgodi wa Bullcroft la mwaka 1932, bomba jipya lilihesabiwa kuwa kitu kizima chenyewe, na gharama yake ikakataliwa kukatwa. Katika shauri la Samuel Jones, lililoamuliwa Scotland karibu miaka ishirini baadaye, bomba lilihesabiwa kuwa sehemu ya kiwanda, na gharama ikakubaliwa. Mwenye duka aliye katika hali hiyo ana haki ya kumwuliza mhasibu wake kama marekebisho ya vitabu yamebebwa hadi kwenye ritani bila kufikiriwa upya.

Makosa ya upande wa pili nayo yapo. Anayetaka mkopo hupenda kuhamisha hata rangi na usafi kwenye mali, ili faida ionekane nene. Mwaka 2002 kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani ilikiri kuwa zaidi ya dola bilioni 3.8 za gharama za kawaida za uendeshaji zilikuwa zimeandikwa kama mali. Dukani kiasi ni kidogo, lakini dalili hazitofautiani sana: orodha ya mali ina vitu visivyoweza kuoneshwa kwa kidole. Kwa upande wa kuficha mali ndani ya matengenezo, dalili ni akaunti ya matengenezo inayoruka mara kadhaa ya mwaka uliotangulia kwa ankara moja, na mkaguzi wa kodi huanzia hapohapo.

Kwa sababu hiyo barua hufungwa pamoja na viambatanisho vyake: mchanganuo wa fundi uliotiwa saini, risiti ya EFD, ankara ya zamani iliyotumika kupata bei ya mashine iliyong'olewa, na ukurasa wa orodha ya mali unaoonyesha mashine moja ikitoka na nyingine ikiingia, kila moja na tarehe yake.