Sombeee! Sauti ya Muuza Mboga Sokoni Baraka

Soko la Baraka lina kelele za kila namna: pikipiki, jenereta za wanaochaji simu, injini za mitumbwi ikitoka ziwani Tanganyika. Katikati yake anapita binti mwenye beseni kichwani, na sauti yake unaisikia kabla hujamwona.

"Sombeee! Lengalengaaa! Mia tano, mia tano, mia tano!"

Sikiliza anavyolitamka jina la mboga. Katika mazungumzo ya kawaida Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: sombe ni SOmbe. Muuzaji anaihamisha nguvu yote kwenye irabu ya mwisho, anaivuta na kuipandisha. Ana sababu. Konsonanti humezwa na mngurumo wa injini, ambao ni mzito na uko chini. Irabu ndefu, ya juu, hupita juu yake. Anayeita kwa sauti nene, hata akipaza vipi, anashindana na jenereta palepale ilipo nguvu yake, na kabla ya saa sita koo limekauka.

Bei nayo hutamkwa kinyume kabisa: fupi, chini, harakaharaka. Jina la mboga ni la mtu aliye mbali, aliyesimama kwenye ndagala huko. Bei ni ya yule aliyekwisha kugeuza shingo. Ndiyo maana wimbo mmoja una sauti mbili.

Beseni lenyewe linasaidia. Mwenye mzigo kichwani hawezi kugeukageuka kutafuta wateja, basi sauti ndiyo inayogeuka kwa niaba yake. Shingo imenyooka, kifua kiko wazi, na mapigo ya wimbo yanafuata hatua za miguu. Mwambie asimame aite: mara nyingi anaharibu mdundo.

Wauzaji wawili wakikutana kwenye uchochoro mmoja hawaimbi pamoja. Mmoja huita, mwingine huchukua pumzi, ndipo naye aite. Akipita mama mtu mzima, wimbo hukatwa katikati: "Jambo, mama." "Jambo sana, binti." Kisha unaendelea palepale ulipokatikia. Asiyesalimia huonekana hana adabu, na sombe yake hununuliwa na wageni tu.

Jua likipanda, maneno hubadilika. Lengalenga hunyauka, hata ukiinyunyizia maji kila mara, na sombe iliyotwangwa asubuhi huanza kuchacha. Hapo bei haishushwi waziwazi, muuzaji anaongeza neno moja mwishoni, "na matabishi!", yaani nyongeza juu ya fungu. Wanunuzi wa Baraka wanalijua neno hilo vizuri, na wapo wanaolisubiri kwa makusudi, wakizungukazunguka kwenye samaki. Mimi ni mmoja wao, nakiri.

Sombe isiyopata mtu hairudi sokoni kesho. Inapikwa nyumbani jioni ileile, kwa mawese.