Tope la Hanang na ukurasa wa bima tusiousoma

Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Maji, matope, mawe na magogo vilishuka kwa pamoja hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba na maduka vilifukiwa, barabara ikazibwa, na magari yaliyokuwa yamelala nje yakakutwa na tope hadi dirishani.

Wengi wetu tulioko nje tuna gari nyumbani, Katesh au Mbulu, Dongobesh au Haydom. Tulilinunua sisi, analiendesha kaka au shemeji, na kila mwaka tunatuma hela ya bima. Tukiambiwa "ni bima kubwa" tunaamini gari limelindwa dhidi ya kila kitu. Kwa tope kama lile, hati nyingi za bima kubwa hazilipi hata shilingi, na jambo hilo limeandikwa humo ndani tangu siku ya kwanza.

Shida ni kwamba hatulioni. Anachotumiwa mwenye gari kwenye simu mara nyingi ni picha ya stika na ya kava noti. Hati yenyewe ina kurasa nyingi zaidi, na mambo yasiyolipwa yametawanywa sehemu tatu. Ndani ya sehemu ya uharibifu wa gari lako utakuta yale ya kawaida: uchakavu, injini kufa yenyewe, tairi kupasuka bila ajali, na hasara ya kukosa gari wakati liko gereji. Mbele zaidi kuna masharti ya jumla yanayogusa hati nzima, na hapo ndipo tope linapotajwa. Mwishoni kuna jedwali lenye jina lako, namba ya gari, thamani, matumizi, na nyongeza zote ulizonunua. Jedwali ndilo linaloweza kukurudishia kile ambacho kurasa zilizotangulia zimekunyima, kwa hiyo mimi huanza kusomea hapo.

Sharti la jumla ninalolizungumzia linasema, kwa maneno yangu, kwamba kampuni haitalipa hasara iliyosababishwa moja kwa moja au kwa njia nyingine na mafuriko, kimbunga, mlipuko wa volkano, tetemeko la ardhi au machafuko mengine ya asili. Vita na ghasia hutajwa kwenye orodha hiyohiyo. Hanang ni mlima wa volkano ya zamani, na baada ya maafa wapo waliodhani umelipuka. Wataalamu wa serikali walisema hapana: miamba iliyolowa maji ilimeguka na kuteremka. Mwenye gari angeweza kufikiri kwamba kama si volkano, basi amepona. Hajapona. Maporomoko yanaingia kwenye yale "machafuko mengine ya asili", na maji yaliyoyabeba yanaingia kwenye mafuriko.

Kwa nini kampuni nyingi zina maneno yanayofanana hivyo? Kwa sababu yametoka shina moja. Sheria yetu ya bima ya magari, ambayo sasa ni Sura ya 169, ilianza zama za Waingereza mwaka 1945, na hati za bima zilikuja na mtindo wa maandishi wa London. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kutoka 1967 likabaki peke yake sokoni. Sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi, kampuni hizo zilikuta maandishi yaliyokwisha kuzoeleka, zikayaendeleza. Ndiyo maana hati inayouzwa Babati inaongelea vimbunga vya bahari.

Sababu ya kibiashara nayo ipo, na si hila tu. Bima ya gari inategemea ajali kutokea moja hapa, nyingine kule, ili ada za wengi zilipe hasara za wachache. Mlima ukiteremka, magari ya mtaa mzima yanaharibika asubuhi moja. Kampuni inalitoa jambo hilo kwenye ada ya kawaida, kisha inaliuza kando kwa wanaolitaka. Ninachokilalamikia ni kwamba mawakala hawawaambii watu hivyo wanapolipa.

Sasa tulipime sharti hili kwa magari matatu ya mfano, yote yakiwa na bima kubwa isiyo na nyongeza. La kwanza limeegeshwa Katesh, tope likalifukia. Hapo hakuna mjadala, halilipwi.

La tatu, nalitaja kabla ya la pili kwa makusudi, linapanda mlima wa Magara kwenda Mbulu siku ya mvua. Dereva anakata kona, gari linateleza na kupinduka. Mvua ilichangia, lakini mvua ya kawaida na barabara yenye utelezi si machafuko ya asili. Hiyo ni ajali ya barabarani na inapaswa kulipwa. Ukiona barua ya kukataa madai ya aina hiyo kwa kisingizio cha "hali ya hewa", usikubali.

La pili ndilo gumu. Siku mbili baada ya maporomoko, dereva anapita usiku barabara kuu ya Babati hadi Singida, anagonga jiwe lililoachwa na tope. Je, chanzo ni tope la juzi au ni ajali ya leo? Maneno "kwa njia nyingine" yanaipa kampuni nafasi ya kusema jiwe lisingekuwepo bila mlima kuporomoka. Mwenye gari naye atasema maafa yalikwisha, barabara ilikuwa imefunguliwa, magari yalikuwa yakipita, na dereva amegonga kizuizi kama anavyoweza kugonga lori lililoharibika. Kwangu hoja ya pili ina nguvu zaidi. Ila soma mstari unaofuata sharti lile, kwa sababu hati nyingi za mtindo huu zinasema mwenye bima ndiye atakayethibitisha kwamba hasara haikuhusiana na maafa. Kwa kawaida anayedai msamaha wa kutolipa ndiye mwenye kuthibitisha. Hapa mzigo umegeuzwa. Kwa hiyo dereva apige picha ya eneo palepale, magari mengine yakionekana yakipita, na ripoti ya polisi itaje saa, mahali na kwamba barabara ilikuwa wazi. Bila hayo hoja nzuri inabaki ya mdomo.

Dawa ya gari la kwanza haipatikani baada ya hasara. Ni kununua nyongeza ya mafuriko na maafa ya asili wakati wa kukata bima, na kuhakikisha imeandikwa kwenye jedwali. Wakala akisema "hiyo imo" bila kukuonyesha mstari wenyewe, chukulia kwamba haimo. Pia soma kama nyongeza inataja maporomoko ya ardhi au inaishia kwenye mafuriko, kwa sababu Hanang imetuonyesha kwamba vyote viwili vinaweza kushuka pamoja, na hutaki kubishana ni kipi kilifika kwanza kwenye gari lako.

Tuje kwenye eksesi. Hii ni sehemu ya kila hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Si faini, na unailipa hata kama kosa si la dereva wako. Kwa vitendo, fundi anamaliza kazi, kampuni inailipa gereji sehemu yake, na gari halitoki mpaka ulipe yako. Ndugu akikupigia usiku kukwambia gereji inadai hela ingawa "bima imelipa", mara nyingi hatapeli, ni eksesi hiyo.

Chukua gari la binafsi lenye thamani ya shilingi 20,000,000. Tuseme jedwali linasema eksesi ni asilimia 5 ya madai, isipungue shilingi 250,000. Lile gari la Magara limeharibika kwa shilingi 3,000,000. Asilimia 5 ni 150,000, lakini kima cha chini ni 250,000, basi unalipa 250,000 na kampuni 2,750,000. Kama uharibifu ungekuwa 8,000,000, asilimia 5 ni 400,000, imezidi kima cha chini, basi unalipa 400,000. Na kama ni taa na bampa la shilingi 200,000 tu, madai hayana faida, kwa sababu yote yamo ndani ya eksesi.

Sasa badilisha neno moja. Jedwali likisema asilimia 5 ya thamani ya gari badala ya asilimia 5 ya madai, eksesi yako inakuwa shilingi 1,000,000 kwa kila ajali, na kwa uharibifu uleule wa 3,000,000 kampuni inalipa 2,000,000. Tofauti ya shilingi 750,000 imetokana na neno lililoandikwa kwenye kisanduku kidogo. Bima iliyoonekana ya bei nafuu huenda nafuu yake ilitoka hapo.

Tena eksesi hupandiana. Hati nyingi zina eksesi ya pili kwa dereva mdogo kwa umri au mwenye leseni changa, na nyingine kubwa zaidi kwa wizi wa gari lisilo na kifaa cha kuzuia wizi. Tuseme ya dereva kijana ni 300,000: mpwa wako aliyepata leseni mwezi uliopita akipinduka Magara, unalipa 550,000, si 250,000. Mwambie wakala umri wa anayeendesha kweli, siyo wako wewe uliye Minnesota au Muskati.

Kuna jambo moja linaloweza kufuta hesabu zote hizo, nalo ni matumizi. Noah iliyokatiwa bima ya binafsi, siku ya mnada ikabeba abiria kwa nauli, au pikapu iliyobeba vitunguu saumu vya watu kutoka Mbulu kwa malipo, imetoka nje ya mkataba. Ikipinduka siku hiyo, uharibifu wake haulipwi. Mkadiriaji akifika anauliza abiria walilipa kiasi gani, na abiria hawana sababu ya kuficha. Kama gari linajilipia mafuta kwa nauli, kata bima ya biashara na dereva awe na leseni ya daraja linalofaa.

Mtu wa tatu aliyeumizwa ana kinga zaidi kuliko wewe. Sheria inaizuia kampuni kutumia baadhi ya masharti yake kumnyima haki. Inaweza kumlipa, kisha ikakugeukia wewe uirudishie fedha hizo. Kwa hiyo kusikia kwamba majeruhi amelipwa si ushahidi kwamba bima yako ilikuwa sawa.

Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi na namba ya kifungu kilichotumika, kisha kilinganishe na jedwali. Usiporidhika, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima inapokea malalamiko ya mtu binafsi, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ndiyo inayosimamia kampuni zote. Lakini kabla hujafika huko, mtumie wakala ujumbe leo: akutumie hati yote, siyo stika peke yake, na akuonyeshe mstari wa mafuriko na maporomoko uko ukurasa gani.