Asilimia ya Kodi: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Nyumba ya Kupangisha

Anayeuza fleti Nairobi hakosi kutaja asilimia. Atakwambia nyumba hii inarudisha asilimia 7 kwa mwaka, ile nyingine 9. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua kodi ya mwezi, zidisha kwa 12, gawanya kwa bei ya nyumba, kisha zidisha kwa 100. Inasaidia kwa sababu inaweka nyumba za bei tofauti kwenye mizani moja. Lakini ina namba mbili tu, kodi na bei, na kila moja inaweza kupambwa. Mnunuzi asiyezikagua mwenyewe atakuwa amenunua hesabu ya muuzaji.

Tuchukue mfano wa fleti ya vyumba viwili vya kulala katika mtaa wa watu wa kipato cha kati. Bei ni shilingi milioni 8, na kodi inayotajwa ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 540,000. Ukigawanya kwa milioni 8 unapata asilimia 6.75. Hii ndiyo asilimia ghafi, yaani kabla ya gharama yoyote kuondolewa, na ndiyo inayoandikwa kwenye matangazo.

Tuanze na bei. Shilingi milioni 8 ndizo atakazopata muuzaji, lakini wewe utatoa zaidi. Mjini, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, yaani shilingi 320,000. Kuna wakili wako na ada za kutafuta na kusajili hati, tuseme 130,000. Kisha rangi, kufuli na mabomba kabla mpangaji hajaingia, 50,000. Pesa zilizotoka mfukoni mwako ni milioni 8 na nusu, na hizo ndizo za kugawanyia.

Sasa kodi. Hakuna nyumba inayojaa miezi 12 kila mwaka bila kukatika. Mpangaji huhama, nyumba hupakwa rangi, mwingine hutafutwa. Tukihesabu mwezi mmoja mtupu, zinazoingia ni 495,000. Mamlaka ya Mapato ya Kenya hutoza ushuru wa kodi za nyumba za kuishi kwa asilimia 7.5, kiwango kilichoanza Januari 2024 baada ya kushushwa kutoka asilimia 10. Unamhusu mkazi wa Kenya anayepokea kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. La kuangalia ni kwamba ushuru huu hukatwa kwenye kodi yote uliyopokea, bila kuondoa gharama zako kwanza. Hata mwaka ambao paa limevuja na umelitengeneza kwa pesa nyingi, utalipa vilevile. Kwa fleti yetu ni shilingi 37,125.

Wakala anayekusanya kodi na kumshughulikia mpangaji, kwa asilimia 8 ya anachokusanya, atachukua 39,600. Ada ya huduma ya jengo, inayolipia mlinzi, lifti, usafi na taa za ngazi, tuseme ni 5,000 kwa mwezi, na hapa mtaani mara nyingi huwa imeshaingizwa ndani ya kodi, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayeilipa. Kwa mwaka ni 60,000, na hailali hata nyumba ikiwa tupu. Weka 30,000 za matengenezo na 8,000 za malipo ya ardhi na kaunti. Jumla ya gharama ni 174,725. Kinachobaki mkononi ni shilingi 320,275, na ukigawanya kwa milioni 8 na nusu unapata asilimia 3.8. Karibu nusu ya asilimia iliyotangazwa imeyeyuka, ingawa hakuna aliyekudanganya na hakuna balaa lililotokea. Huo ni mwaka wa kawaida.

Mtu anayekopa anapaswa kusimama hapa afikiri. Mkopo wa milioni 5 kwa riba ya asilimia 14 unadai takriban shilingi 700,000 za riba katika mwaka wa kwanza, kabla hujagusa deni lenyewe. Kodi yote ya fleti hii, hata kabla ya gharama, haifiki hapo. Usemi kwamba mpangaji ndiye atakayelipa mkopo hausimami kwa namba hizi. Utakayelipa ni wewe, kutoka mshahara wako, kila mwezi.

Wengine hukimbilia asilimia kubwa zaidi, na wanaipata kwenye vyumba vidogo. Jengo la bedsita 10 pembezoni mwa jiji lililogharimu milioni 9, kila chumba kikipangishwa kwa 8,000, linaonyesha asilimia ghafi ya 10.7. Lakini vyumba viwili vikikaa vitupu na mpangaji mmoja asilipe, vinavyoleta pesa ni 7. Kisha yupo keyateka wa kulipwa, maji, taa na mabomba yanayotumiwa na watu wengi. Asilimia kubwa huwa ni malipo ya usumbufu na hatari ambazo mwenye fleti ya mtaa tulivu hakutani nazo. Ukiona namba kubwa, uliza inalipia nini.

Namba ya kodi ikaguliwe mtaani, si kwa muuzaji. Zungumza na keyateka wa jengo la jirani, uliza wapangaji wa ghorofa ya chini wanalipa kiasi gani leo, si wanaombwa kiasi gani. Pita saa mbili usiku uhesabu madirisha yasiyo na taa. Vibao vya nyumba za kupangisha vikiwa vingi mtaa mzima, miezi mitupu itakuwa zaidi ya mmoja. Na ukiuziwa nyumba mpya yenye ahadi ya kodi ya uhakika kwa miaka miwili, jiulize kama gharama ya ahadi hiyo haikuongezwa kwenye bei.

Mtego mwingine unawahusu walio na nyumba tayari. Aliyenunua fleti hii zamani kwa milioni 3 hujivuna kwamba anapata asilimia 18. Bei ya zamani haiwezi kumwambia kama aendelee kuishika. Leo akiuza kwa milioni 8, atalipa ushuru wa asilimia 15 kwenye faida, takriban shilingi 750,000, na kubaki na kama milioni 7.25. Hizo ndizo zilizofungwa ndani ya nyumba sasa, na zinamzalishia asilimia 4.4. Azilinganishe na kwingineko: Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya takriban asilimia 18.5, isiyotozwa ushuru. Riba imeshuka tangu hapo, na hatifungani haipandi thamani pamoja na mtaa kama nyumba inavyoweza. Lakini anayechagua asilimia 4 anaweka dau kwamba bei ya nyumba itapanda, na afadhali alijue hilo waziwazi.

Kazi kubwa ya asilimia hii huonekana ukiigeuza. Amua kwanza unachotaka kubaki nacho, tuseme asilimia 6. Gawanya kodi inayobaki, 320,275, kwa 0.06, na utapata takriban milioni 5.3. Hiyo ndiyo pesa yote unayopaswa kutoa, pamoja na stempu na wakili, kwa hiyo bei ya nyumba yenyewe isizidi kama milioni 5. Muuzaji huenda akaikataa. Basi utakuwa umejua pengo kati ya bei yake na kodi ya nyumba yake ni milioni 3, na utaendelea kutafuta nyumba nyingine.