Kopo la Bei Nafuu Linatosha?

Anayeanza jimu akiingia dukani kununua unga wa protini hukutana na makopo mawili yanayofanana, moja konsentreti, jingine aisoleti, na la pili ni ghali zaidi. Yote mawili yametokana na yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Maji hayo huchujwa, kisha hukaushwa yawe unga. Yakichujwa kiasi hupatikana konsentreti, ambayo kwa kawaida protini yake hufika hadi asilimia 80, na sehemu inayobaki ni mafuta kidogo na sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Yakichujwa zaidi hupatikana aisoleti, yenye protini ya asilimia 90 hivi. Ladha na vikolezo vikiongezwa, viwango hivyo hushuka kidogo.

Kwa hiyo usilinganishe bei ya kopo na kopo. Linganisha bei ya gramu moja ya protini. Tuseme kopo la konsentreti la kilo moja ni shilingi 120,000 za Tanzania, na lebo inasema skupu ya gramu 32 ina protini gramu 24. Hiyo ni robo tatu, yaani kopo zima lina gramu 750, na kila gramu inakugharimu shilingi 160. Aisoleti ya uzito huohuo iwe shilingi 174,000, skupu ya gramu 30 ikiwa na protini 26. Kopo lina gramu kama 867, kila moja kwa shilingi 200 hivi. Ukihitaji gramu 24 kila siku, kwa mwezi unalipa karibu shilingi 29,000 zaidi kwa protini ileile. Fedha hiyo inunulie mayai, maana yai moja lina gramu sita hivi. Kuna wanaosifu aisoleti kwa kuingia mwilini haraka, lakini kwa anayeanza, jumla ya protini anayokula kutwa ndiyo yenye uzito.

Kinachoweza kubadili uamuzi ni tumbo. Watu wazima wengi kwetu hawameng'enyi laktosi vizuri, wakinywa maziwa hujaa gesi au huharisha. Hata hivyo, kikombe cha maziwa kina laktosi gramu 12 hivi, wakati skupu ya konsentreti huwa na gramu chache tu. Anza na nusu skupu, tena baada ya kula. Tumbo likisumbua kila unapoitumia, hapo aisoleti inastahili bei yake. Mwenye mzio wa maziwa ni habari nyingine: aisoleti nayo ni protini ya maziwa, asiiguse.

Kabla ya kulipa, soma orodha ya viambato. Ukikuta glisini au taurini zimeongezwa, kuwa na shaka, kwa sababu ni vitu rahisi vinavyopandisha kipimo cha protini kwenye lebo bila kujenga msuli ipasavyo. Na kopo lililoandikwa "isolate" mbele, huku nyuma kiambato cha kwanza kikiwa konsentreti, lilipie bei ya konsentreti au liache.